Hotuba ya meneja mpya wa ghala la korosho, Masasi: kikao cha kwanza na wafanyakazi kabla ya msimu

Wazee wangu, shikamooni. Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Na ninyi vijana mliokaa nyuma kabisa karibu na mlango, nawaona, sogeeni, viti vipo.

Nimeambiwa nijitambulishe. Ni kazi ngumu kidogo, maana nusu yenu mmekula ubwabwa nyumbani kwangu na nusu iliyobaki nimewakatalia magunia. Lakini kuna wageni, kuna makarani wa msimu waliofika wiki hii, kwa hiyo nitasema kwa kifupi. Mimi ni Mama Zuwena. Hivyo ndivyo nilivyoitwa kwenye chumba cha ubora na hivyo ndivyo nitakavyoitwa kwenye ofisi ile ya mbele. Mtu asianze leo kuniita Madamu. Niliingia kwenye lango hili mwaka 2014 nikiwa karani wa msimu, nikaandika namba za magari, nikahamia kwenye ubora, nikashika bambo na kipima unyevu mpaka mwezi uliopita. Kuanzia tarehe moja mwezi huu mimi ndiye meneja wa ghala. Basi, hilo limekwisha.

Kuna jambo la pili ambalo naona baadhi yenu mnalisubiri huku mnaangalia chini. Mwenzetu wa mizani aliomba nafasi hii, na aliiomba kwa haki. Ana miaka mingi hapa kuliko mimi, na namna ya kusoma mizani ya magari ni yeye aliyenifundisha. Juzi tulikaa, tukazungumza kwa urefu, na ameniruhusu niseme mbele yenu. Tumekubaliana kwamba mizani inabaki chini yake, na uamuzi wa mizani ni wake. Mimi siwezi kumpigia simu nikamwambia gari fulani lirudie kupima kwa sababu mwenye mzigo amelalamika kwangu. Akilalamika kwangu nitampeleka kwake. Kwa hiyo anayetaka kuleta maneno, mara huyu kasema hivi, mara yule kanuna, atafute kazi nyingine ya kufanya. Msimu huu kazi zipo.

Sasa niingie kwenye lililonifanya nikubali cheo hiki, kwa sababu nyumbani waliniuliza, "Unakitakia nini kiti ambacho kila mwaka aliyekikalia anaandikiwa barua?"

Nataka namba ya ghala hili iwe moja. Kilo zilizosomwa kwenye mizani ndizo zilizo kwenye daftari la lango, ndizo zilizo kwenye stakabadhi, ndizo zitakazotoka siku ya kupakia. Mnaweza kuona ni jambo dogo. Hebu tufuate gunia moja. Mkulima wa Lulindi analeta korosho zake chama cha msingi, zinapimwa, anapewa karatasi. Chama hicho, yaani AMCOS, kinakusanya, kinapakia, kinaleta hapa. Tunapima, tunakagua, tunatoa stakabadhi. Chama kikuu kinapeleka kiasi hicho mnadani, na tangu msimu wa 2024/25 mnada wenyewe unaendeshwa kwa mfumo wa Soko la Bidhaa, TMX. Mnunuzi aliyekaa Dar es Salaam anatoa bei kwa mzigo ambao hajauona. Anachokiona ni jina la ghala letu, daraja na kilo. Analipa. Halafu anatuma magari hapa na kibali cha kutolea mzigo mkononi, na gari la mwisho linaondoka pungufu. Hapo nani anaulizwa? Chini ya Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005, mzigo ukishapokelewa na stakabadhi ikatoka, dhamana ni ya mwendesha ghala. Haulizwi mkulima, wala dereva. Tunaulizwa sisi.

Na upungufu si wizi peke yake. Hili naomba makarani wageni wanisikilize vizuri, maana wazee wanalijua. Korosho inakauka. Chukueni gari la tani 30 lililoingia likiwa na unyevu wa asilimia 12. Likae hapa mpaka lifike asilimia 9. Fanyeni hesabu wenyewe: kavu tupu ndani yake ni kilo 26,400, na hiyo haibadiliki. Maji yakipungua, mzigo wote unabaki kilo 29,011 hivi. Karibu tani nzima imepotea na hakuna aliyegusa hata punje. Ila kwenye karatasi ni tani moja ya mtu, na mwisho wa msimu kuna mlinzi wa usiku anayeangaliwa kama mwizi. Nimeona watu waaminifu wakiondoka kazini hivyo, na bado inanikera.

Kwa hiyo kinga yetu iko langoni. Kipima unyevu kikisoma juu ya asilimia 10, gari halishuki. Linakwenda pembeni, AMCOS inaarifiwa, korosho zinaanikwa. Na bambo lisichomwe kwenye magunia matatu ya mlangoni ambayo kila mtu anajua yamepangwa pale kwa ajili ya bambo. Chomeni juu, katikati, chini, nyuma. Ikibidi kushusha nusu ya gari ndipo tufikie gunia la ndani, tutashusha. Korosho chafu na zile nyepesi zisizo na kokwa haziwekwi usoni, mnajua.

Najua kukataa gari kuna gharama. Dereva atatukana. Katibu wa AMCOS atasema wakulima wake wanasubiri hela ya ada ya shule, na atakuwa anasema kweli. Mtu mwenye cheo atapiga simu. Mwenye zamu ya ubora akikataa gari kwa kipimo, akaandika kwenye fomu na kusaini, sitalipitisha mimi kwa mlango wa nyuma. Simu zile zielekezeni kwangu, mshahara niliopandishiwa ni wa kupokea simu hizo. Vivyo hivyo kwenye foleni: gari linapewa namba likifika, na namba ndiyo foleni. Hakuna gari la mkubwa. Kama kuna sababu ya kweli ya kulitanguliza gari, mfano limeharibika limeziba njia, sababu iandikwe kwenye daftari kila mtu aione.

Kwa kuwa tumefika kwenye wakubwa na ndugu zao, niseme langu kabla hamjalisema kwenye kahawa. Shemeji yangu ni katibu wa AMCOS mojawapo inayoleta mzigo hapa. Gari la chama chake likiingia, mimi sitasaini chochote. Msaidizi wangu atasaini, na wa ubora atakuwa yeyote aliyeko zamu. Nimeliandika hilo makao makuu. Mwenye ndugu wa namna hiyo naye aje aniambie wiki hii, tutapanga zamu vizuri. Huku kwetu kila mtu ana ndugu mwenye mikorosho, si kosa. Kosa ni kukaa kimya. Na kuhusu chai: chai ni ile ya mama ntilie pale nje ya geti, inalipiwa na anayekunywa. Ile nyingine inayokuja imekunjwa ndani ya karatasi za gari, mtu akiipokea atakuwa ametuuza wote.

Haya, upande wenu. Nisingependa muondoke mkisema mama amekuja na masharti tu.

Vijana wa kubeba, malipo yenu kwa gunia siyapangi mimi. Nimeomba yaangaliwe, sina jibu, na sitawapa ahadi ambayo haipo mikononi mwangu. Kilicho mikononi mwangu ni siku ya kulipa. Msimamizi wenu atafunga hesabu ya magunia kila jioni, mkiwa mmesimama pale, kiongozi wenu anasaini, na Jumamosi mnalipwa kabla ya saa kumi. Mambo ya kuambiwa karani wa hesabu amekwenda mjini sitaki kuyasikia. Maji ya kunywa yatakuwa ndani ya ghala, si bombani kule kwa jirani. Na kivuli cha kusubiria magari, turubai limenunuliwa, linafungwa kesho.

Mpangilio wa magunia: juu ya chaga, mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita na kukagua, na rundo lisipande kuliko alama nyekundu nitakayochora ukutani. Kipindi kile cha msimu wa 2018/19, serikali iliponunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaja kusomba, ghala lilijaa mpaka tukawa tunapita kwa ubavu. Hakuna aliyeangukiwa na magunia, ni Mungu tu. Msimu huu nafasi ikiisha tutasema imeisha, magari yaende ghala jingine. Bati la kusini linalovuja linazibwa wiki hii, mvua za Desemba zisitukute tunatafuta ndoo. Mizani nayo inakaguliwa na Wakala wa Vipimo kabla ya gari la kwanza. Bila stika yao hatupimi, hata foleni ifike barabara kuu.

Walinzi, mkabidhiane zamu kwa kuandika. Sili zinahesabiwa na anayetoka na anayeingia, wote wawili, kwa pamoja. Naomba hivyo kwa ajili yenu, kwa sababu ya ile hesabu ya kukauka niliyowaeleza. Kila Jumatatu wa ubora atapima unyevu kwenye marundo na kuandika, ili siku ya maswali tuwe na karatasi ya kuonyesha kilo zimekwenda wapi.

Mabinti wa masjala na wa kuchambua sampuli, zamu ya usiku mtarudishwa na gari la ghala. Mafuta nimeyatafutia fungu. Likikosa mafuta mnipigie mimi, si dereva.

Mlango wangu asubuhi, saa moja na nusu mpaka saa mbili na nusu, hauna miadi. Mwenye la kusema anaingia. Mwenye la kunisema mimi aingie vilevile, ila anieleze jambo lenyewe, tarehe na gari, tusizunguke.

Hayo ndiyo yangu. Sasa naomba maswali, na nisingependa tuanze na pongezi, tutaimaliza asubuhi yote. Mzee wa ghala, wewe ndiye mwenye funguo tangu sijafika hapa, na kule nyuma ulikuwa unatikisa kichwa niliposema habari ya alama nyekundu. Anza wewe, baba. Umeona nini pale?