Namba Zinavyojua Kuwa Daktari na Muuguzi Ni Majirani

Kompyuta haisomi maneno, inapiga hesabu. Njia ya haraka ya kuipa maneno ni kuyapanga kwa alfabeti na kuyahesabu: la kwanza 1, la pili 2, na kuendelea. Lakini hapo "dakika" na "daktari" yanakaa mlango kwa mlango, na "muuguzi" anatupwa mbali. Namba zipo, maana haipo.

Dawa yake ni kulipa neno namba nyingi kwa mkupuo. Orodha hiyo ya namba huitwa vekta, na ichukulie kama anwani kwenye ramani. Hizi hapa ni za mfano tu, nimezibuni:

```
daktari = [0.8, 0.1]
muuguzi = [0.7, 0.2]
mvua    = [-0.5, 0.9]
```

Chora mshale kutoka sifuri hadi kila anwani. Wa daktari na wa muuguzi inaelekea karibu upande mmoja. Wa mvua unakwenda kwingine. Kipimo cha kawaida ni kosaini ya pembe iliyo kati ya mishale miwili, na kadiri inavyokaribia 1 ndivyo mishale inavyoelekea upande mmoja: daktari na muuguzi wanapata takriban 0.99, daktari na mvua -0.37. Vekta halisi huwa ndefu zaidi, mara nyingi namba 300 au zaidi, na usijisumbue kutafuta namba ya tano inamaanisha nini. Ikiwa peke yake, kwa kawaida haina jina.

Sasa, nani anazijaza? Hakuna anayekaa kuziandika. Mwaka 1957 mwanaisimu J. R. Firth alisema kwamba neno hujulikana kwa maneno linaloandamana nayo, na programu ya word2vec, iliyotoka Google mwaka 2013, inatumia wazo hilohilo. Kila neno linaanza na namba za kubahatisha. Kisha programu inapitia maandishi mengi mno ikibashiri: katika "___ alimpima mgonjwa", neno gani linafaa? Ikikosea, namba zinasogezwa kidogo. Daktari na muuguzi hufaa kwenye mapengo yaleyale, kwa hiyo husukumwa upande mmoja, mara mamilioni, hadi wanakuwa majirani.

Ndiyo maana "moto" na "baridi" nayo hukaribiana, jambo linalowashangaza wengi. Ni kinyume, ila yote mawili hukaa baada ya "maji ya". Ukaribu huu ni wa matumizi, si wa kamusi.

Kasoro kubwa zaidi ni maneno kama "kaa": mnyama wa pwani, kipande cha moto, au amri ya kuketi. Word2vec inayapa yote anwani moja, mahali fulani katikati pasipomfaa yeyote. Modeli za baadaye, kama BERT ya mwaka 2018, hulipa neno vekta upya katika kila sentensi, hivyo kaa anayetembea mchangani hapati anwani ya kaa la jikoni.