Barua ya mpangaji kwa mwenye nyumba kuhusu mwembe uliooza na kuinamia ukuta

Chumbageni,
Tanga.
17 Februari 2025

Kwa Mzee Kombo,
Mwenye nyumba,
Muheza.

Shikamoo Mzee,

YAH: MWEMBE ULIOOZA NA KUINAMIA UKUTA WA CHUMBA CHA WATOTO

Natumaini barua hii itakukuta salama pamoja na familia yote. Sisi hapa nyumbani ni wazima. Ninakuandikia kuhusu mwembe ulio nyuma ya nyumba, ule ulio karibu na dirisha la chumba wanacholala watoto, kwa sababu tulipozungumza kwa simu mwezi Desemba uliniambia kwamba mti huo umeinama tangu ukiwa mdogo na haujawahi kumdhuru mtu. Sikubishana nawe wakati ule, kwa kuwa sikuwa na cha kukuonyesha. Sasa ninacho, na ndiyo maana nimeona niandike badala ya kupiga simu tena.

Nimeambatanisha picha tano, ambazo nimezisafisha studio ili uzione vizuri, na nyuma ya kila moja nimeandika namba na tarehe. Picha ya kwanza niliipiga Jumapili ya tarehe 12 Januari, na ya pili Jumamosi ya tarehe 15 Februari, zote nikiwa nimesimama palepale kwenye jiwe la kufulia. Katika kila moja utaona tepu ya fundi imenyooshwa kutoka ukutani hadi kwenye shina, katika usawa wa linta ya dirisha. Mwezi Januari nafasi hiyo ilikuwa sentimita 41. Juzi Jumamosi ilikuwa sentimita 34. Sentimita saba kwa muda usiotimia wiki tano, tena kabla ya mvua za masika kuanza, si mwinamo wa tangu zamani. Hata ukiutazama kwa mbali, mti uliokua umeinama huwa ncha yake inajikunja kurudi juu kutafuta mwanga, lakini huu wetu umelala wote kwa pamoja, shina na matawi, kama nguzo iliyolegea shimoni.

Picha ya tatu ni ya shina kwa chini, upande wa uani. (Uniwie radhi kwa kiza chake, kwani nilikuwa nimelielekea jua nilipokuwa naipiga.) Utaona uyoga mgumu wa rangi ya kahawia uliopangana kama visahani, kiasi cha shubiri moja kutoka ardhini. Uyoga wa namna hiyo huota nje ukiwa umekwisha kula mbao ndani. Fundi mwashi aliyekuja kurekebisha karo alichukua nondo ya milimita 12 akaisukuma kwa mkono mmoja tu hapo chini ya uyoga, nayo ikaingia sentimita 23 bila kugongewa nyundo. Alipoichomoa ilitoka na unga mwekundu uliolowa, unaonuka kama gunia lililosahauliwa mvuani, na mchwa wachache wakamwagika nyuma yake. Unga huo nimeuhifadhi kwenye kopo, ukitaka kuuona.

Najua utaniuliza inakuwaje mti uliooza uzae vizuri kama ulivyozaa msimu huu, na kwa kweli maembe yake tumeyala hadi tukagawa kwa majirani. Lakini maji yanayopanda kwenye majani hupita kwenye mbao changa zilizo karibu na gome, kwa hiyo mti unaweza kuwa mtupu katikati na bado ukapendeza juu. Majani mabichi hayatuambii kitu kuhusu nguvu ya shina.

Picha ya nne ndiyo inayonitia hofu kuliko zote. Ni ya ardhi iliyo upande wa uani, yaani upande ambao mti unauacha. Udongo umepasuka kwa ufa uliojipinda kama mwezi mwandamo, na kiganja changu kimeingia humo hadi kwenye kifundo. Mzizi mmoja umeinuka na chini yake unapita mwanga. Ufa huo uko sambamba na mtaro wa bomba la maji taka uliochimbwa mwaka 2022, kabla sijahamia hapa. Nadhani mizizi iliyokuwa ikiushikilia mti upande ule ilikatwa siku hizo, na iliyobaki imeoza taratibu. Sisemi haya kumlaumu mtu, maana bomba lilikuwa la lazima. Ninayasema kwa sababu yanaeleza kwa nini mti umeanza kusogea sasa baada ya miaka yote hiyo.

Picha ya tano inaonyesha tawi kubwa lililokwisha kugusa bati, na waya wa umeme unaoingia nyumbani ukipita katikati ya matawi. Usiku upepo wa kaskazi ukivuma tunasikia bati likikwaruzwa. Tangu Jumamosi watoto nimewahamishia sebuleni na kitanda chao nimekiacha, kwa sababu kipo sawia na mahali shina litakapoangukia.

Mzee, naelewa kwamba mwembe huu ulipandwa na marehemu baba yako, na si jambo jepesi kwangu kukuomba uuondoe. Hata hivyo, sioni namna ya kuupunguza matawi tu ukabaki salama, kwa kuwa tatizo liko chini. Ninaomba ukatwe kabla ya tarehe 10 Machi, udongo haujalowa. Kwa mujibu wa kifungu cha 7 cha mkataba wetu wa tarehe 1 Agosti 2023, matengenezo makubwa ya nyumba na eneo lake ni juu yako. Usafi wa uwanja ni juu yangu, na kuchoma majani na kuzoa vitawi nitafanya mwenyewe.

Mwenyekiti wa serikali ya mtaa ameuona mti na amenielekeza kwamba kibali kiombwe kwanza kupitia ofisi ya mtendaji, ombi likiwa na saini ya mwenye kiwanja. Umeme nao itabidi ukatwe siku hiyo. Fundi wa msumeno wa mnyororo niliyemuuliza ametaja shilingi 350,000, akiwa na wasaidizi wawili na kamba, na ataushusha vipande vipande kuanzia juu. Nilimkatalia wa kwanza aliyedai 120,000 kwa sababu alitaka kuukata shinani na kuusukuma uani. Mti uliokwisha kuegemea upande mmoja hausukumiki upande mwingine.

Kama fedha hizo hazipo mkononi kwa sasa, nipo tayari kuzitanguliza na kuzikata kwenye kodi ya shilingi 180,000 ya mwezi Machi na Aprili, kiasi kinachobaki nikikuletea, mradi tuandikiane kwa saini zetu wote wawili. Bila maandishi yako sitaugusa mti wala kumleta fundi. Mbao zitakazokuwa nzima za juu zitawekwa kando hadi uamue mwenyewe, pengine utapenda kutengeneza kitu cha kumbukumbu.

Ninaomba uje uutazame kwa macho yako kabla ya kuamua. Nipo nyumbani kila siku kuanzia saa kumi jioni, na Jumapili kutwa nzima. Ukipata nafasi Jumapili hii ya tarehe 23, fundi amekubali kuja saa nne asubuhi, na tepu na nondo vitakuwepo, tupime upya mbele yako.

Wako mtiifu,

Mama Salma
Mpangaji

Nakala: Mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kwa taarifa.
Viambatanisho: Picha tano.