Barua ya Kupinga Ankara ya Maji ya Makadirio ya Oktoba 2024 na Kuomba Mita Isomwe

Rehema Y. Mazengo,
Nkuhungu,
DODOMA.

11 Novemba 2024

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Mamlaka ya Maji,
DODOMA.

Ndugu Meneja,

YAH: ANKARA YA OKTOBA 2024, AKAUNTI NA. 04-21873, MITA NA. 1907742

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu wa majumbani. Tarehe 1 Novemba nilipokea kwa simu ankara ya Sh. 121,800 kwa uniti 58. Mbele ya usomaji imeandikwa "makadirio", na sababu iliyotolewa ni kwamba dira haikufikiwa. Naipinga ankara hii, na naomba mita yangu isomwe.

Matumizi yangu ya miezi mitano kabla ya hapo mnayo kwenye kumbukumbu zenu, na yote yalisomwa na msoma mita wenu mwenyewe: Mei uniti 11, Juni 9, Julai 10, Agosti 12, Septemba 11. Sijawahi kuvuka Sh. 25,200 kwa mwezi katika kipindi hicho, na sidaiwi hata senti ya nyuma. Usomaji wa mwisho wa kweli, wa tarehe 27 Septemba, ulikuwa 1,284. Ankara ya Oktoba inasema tarehe 29 Oktoba mita ilisoma 1,342.

Jana Jumapili, tarehe 10 Novemba, saa 2 asubuhi, niliisoma mita mbele ya jirani yangu na mjumbe wa shina letu. Ilikuwa 1,299. Nimeipiga picha, namba ya mita na usomaji vinaonekana pamoja, na picha nimeiambatisha. Ina maana tangu 27 Septemba hadi jana, siku 44, nimetumia uniti 15, na hayo ndiyo matumizi yangu ya siku zote. Namba mliyonitoza kwamba niliifikia Oktoba, mita haijaifikia mpaka leo. Kwa mwendo wetu wa kawaida itaifikia karibu na Machi mwakani.

Naomba mlitazame hili kwa upande wa maji yenyewe pia. Uniti 58 ni lita 58,000, yaani ndoo 2,900 za lita 20. Nyumbani tupo watu watano, na mmoja ni mama mkwe wangu ambaye hatoki kitandani. Tangi letu ni la lita 2,000. Ili tutumie maji hayo ingebidi tangi lijae na kuisha mara 29 ndani ya mwezi mmoja. Nanyi mnajua hali ya mgao Oktoba ilivyokuwa, kiangazi kikiwa kimekaza na mvua bado. Huwa naandika kwenye daftari kila siku maji yanapofunguliwa mtaani kwetu, kwa sababu ya kupanga siku za kufua nguo za mgonjwa. Kati ya 27 Septemba na 29 Oktoba yalitoka siku 9. Hata kama kila mara tangi lingekuwa tupu kabisa na likajaa mpaka juu, hizo ni lita 18,000. Hizo lita 40,000 nyingine zingepita saa ngapi, na zingewekwa wapi?

Nilijiuliza kama kuna bomba linalovuja chini ya ardhi, maana nisingependa kuwalaumu bure. Baada ya kusoma mita jana, maji yakiwa yanatoka, nilifunga bomba zote za ndani na koki ya tangi, tukakaa nusu saa tukiangalia kile kigurudumu kidogo cha kwenye mita. Hakikusogea. Nikafungua bomba moja la uani, kikaanza kuzunguka. Kwa hiyo hakuna uvujaji, na mita inafanya kazi.

Kuhusu mita kutofikiwa: mita yangu haipo ndani ya geti. Ipo nje ya uzio, kando ya barabara, kwenye sanduku lililo katika mstari mmoja na masanduku ya majirani zangu wawili. Wote wawili walisomewa tarehe 29 Oktoba na ankara zao zina usomaji halisi. Nilikuwa nyumbani siku hiyo na hakuna aliyebisha hodi. Simtuhumu msoma mita kwa jambo nisilolijua. Ninachoomba ni kwamba sababu hiyo isiendelee kukaa kwenye akaunti yangu kana kwamba mimi ndiye niliyemzuia.

Tarehe 4 Novemba nilifika ofisini kwenu. Kijana aliyenihudumia alinipokea vizuri, akaniambia nilipe kwanza na kwamba tofauti itajirekebisha yenyewe mbele ya safari. Sikupewa namba ya lalamiko wala karatasi yoyote. Nimelifikiria jibu lile na siwezi kulikubali. Mimi ni fundi cherehani Soko la Majengo. Sh. 121,800 kwangu ni kodi ya kibanda na dawa za mgonjwa. Nikilipa leo maji ambayo nitayatumia mpaka Machi, nitakuwa nimewakopesha ninyi fedha ambazo mwenyewe sina, halafu nikae nikisubiri mita ifike. Na nisipolipa, ujumbe wenu unasema huduma itasitishwa tarehe 20 Novemba. Mgonjwa wa kitandani hawezi kukaa siku mbili bila maji, Ndugu Meneja. Hili ndilo linalonikosesha usingizi kuliko hata fedha.

Kwa hiyo naomba yafuatayo:

Msoma mita aje kabla ya tarehe 18 Novemba, asome nikiwepo, na sote wawili tusaini usomaji huo. Anipigie kwa namba iliyopo kwenye akaunti; kuanzia saa 10 jioni nipo nyumbani kila siku, na Jumamosi nipo siku nzima.

Ankara ya uniti 58 ifutwe, itolewe nyingine kwa usomaji halisi, na 1,342 iondolewe kwenye mfumo isije ikawa msingi wa ankara ya Novemba.

Huduma isisitishwe wakati lalamiko hili linashughulikiwa. Sikatai kulipa maji niliyotumia. Niko tayari kulipa mara moja Sh. 23,100, ambazo ni uniti 11 kama za Septemba, mkinipa kontroo namba ya kiasi hicho, na kinachozidi au kupungua kirekebishwe baada ya mita kusomwa.

Endapo mtaona mita yenyewe ina shaka, ipimwe, lakini nijulishwe siku na mahali ili niwepo. Isifunguliwe na kuondoka bila usomaji wake wa mwisho kuandikwa na kusainiwa.

Naomba pia barua hii ipewe namba ya lalamiko, na nakala yangu igongwe muhuri wa kupokelewa.

Najua utaratibu ni mteja kuanza na mtoa huduma wake, ndiyo maana nimeanza na ninyi, na ningependa liishie hapa. Nisipopata jibu la maandishi hadi tarehe 18 Novemba, nitalipeleka EWURA, makao makuu yake yapo hapa hapa Dodoma, pamoja na picha, daftari na ankara zote.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Rehema Y. Mazengo

Viambatisho: picha ya mita ya tarehe 10 Novemba 2024, ankara za Mei hadi Oktoba 2024, nakala ya kurasa mbili za daftari la mgao.

Nakala: Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa.