Barua ya kupinga onyo la maandishi la tarehe 24 Machi 2025

Lubumbashi, tarehe 27 Machi 2025

Kutoka kwa: Furaha Kasongo, mtunza ghala, matrikuli 0147, depo ya Kampemba

Kwa: Bwana Mkurugenzi wa Wafanyakazi

Nakala: Shefu wa depo, Mjumbe wa sandika ya wafanyakazi

Kuhusu: Kupinga onyo la maandishi, kuomba ushahidi, na kupendekeza masahihisho

Bwana Mkurugenzi,

Juzi Jumanne, tarehe 25 Machi, niliitwa ofisini nikakabidhiwa barua ya onyo iliyoandikwa siku moja kabla. Nilitia sahihi kwamba nimeipokea, na chini ya sahihi nikaandika kwa mkono kwamba sikubaliani nayo. Ninawaandikia leo ili niseme kwa nini, jambo kwa jambo, maana katika miaka 11 ya kazi hapa hii ndiyo barua ya kwanza ya aina hiyo kuingia katika faili yangu, na imeingia bila mtu yeyote kuniuliza neno.

Hapo ndipo pa kuanzia. Katika depo yetu, mfanyakazi akishukiwa kosa, kwanza hupewa barua ya kuomba maelezo, naye anapewa saa 48 za kujibu. Ndivyo kanuni ya ndani iliyobandikwa karibu na geti inavyosema, na ndivyo wenzangu walivyotendewa mbele ya macho yangu. Mimi sikupewa barua hiyo. Kama ingekuja, sehemu kubwa ya haya ninayoyaandika mngekuwa mmeyasoma kabla ya kuamua.

Onyo linanituhumu mambo matatu: kuchelewa mara tatu mwezi huu, upungufu wa mifuko 22 ya unga wa mahindi, na kutumia lugha mbaya kwa wakubwa.

Kuhusu kuchelewa, tarehe zilizotajwa ni 3, 11 na 17 Machi. Ya tarehe 17 ni kweli. Niliingia saa 1 na dakika 25 badala ya saa 1 kamili. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na basi nililopanda kutoka Katuba lilikwama kwenye maji pamoja na magari mengine. Nilimpigia simu shefu wa depo kabla ya saa 1 kumwambia, naye alinijibu nije polepole. Simu yangu ingali na rekodi ya wito huo. Hata hivyo dakika 25 ni dakika 25, sizikatai.

Tarehe 11 sikuchelewa. Sikuwa Lubumbashi. Niliondoka saa 11 alfajiri na gari la kampuni kwenda Kasumbalesa kupokea kamyo ya unga, kwa hati ya safari iliyotiwa sahihi na ofisi yenu wenyewe tarehe 10. Ndiyo maana daftari la geti halina sahihi yangu asubuhi ile. Mtu aliyelisoma ameona nafasi tupu akaiita kuchelewa. Nakala ya hati ya safari nimeiambatanisha.

Tarehe 3 inanishangaza zaidi. Ninakumbuka nilitia sahihi kabla ya saa 1, maana ni mimi niliyemfungulia mlango mwenzangu wa usafi siku ile. Naomba nioneshwe ukurasa wa daftari. Kama sahihi yangu iko kwenye saa ya kuchelewa, nitakubali kosa hilo siku hiyohiyo kwa maandishi.

Sasa mifuko 22. Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu hesabu yenyewe ni fupi lakini jina langu lote limewekwa juu yake. Onyo linasema fishi ya stoku ilionesha mifuko 640 ya kilo 25, na kamati ya kuhesabu ikakuta mifuko 618 tarehe 19 Machi, “mbele ya mhusika”.

Mhusika hakuwepo. Asubuhi ya tarehe 19, saa 1 na nusu, shefu wa depo alinituma mjini, ofisi ya uhasibu, kupeleka bahasha ya hati za kamyo. Kuhesabu kulianza saa 2. Nilirudi saa 4 na nusu nikakuta kazi imekwisha na karatasi imetiwa sahihi na watu wawili. Nafasi ya sahihi ya mtunza ghala iko tupu hadi leo. Niliombwa niijaze, nikasema siwezi kutia sahihi kwenye hesabu ambayo sikuiona. Naamini hapo ndipo tuhuma ya lugha mbaya ilipozaliwa, nami nitaifikia.

Mifuko hiyo 22 haikupotea. Kumi na minne iko katika chumba kidogo nyuma ya ghala, na mtu yeyote anaweza kwenda kuigusa sasa hivi. Ililowa tarehe 12 Machi, kamyo ilipoingia na turubai limepasuka. Shofa, shefu wa depo na mimi tulitia sahihi karatasi ya uharibifu namba 09 siku ileile, na tarehe 13 niliwaandikia kuomba ruhusa ya kuiondoa katika stoku, kwa sababu unga uliolowa huoza na kuharibu ule mzuri ulio karibu nao. Jibu halijaja. Bila ruhusa hiyo siwezi kuifuta kwenye fishi, kwa hiyo kompyuta bado inaihesabu kama mifuko mizima. Kamati nayo ilihesabu tu mifuko iliyo juu ya mapalete katika ghala kubwa.

Minane iliyobaki iliuzwa. Tarehe 18 umeme ulikatika tangu saa 8 mchana mpaka tulipofunga. Mteja mmoja wa Katuba alilipa kwenye kasa, akapewa risiti ya mkono, nami nikamtolea mifuko minane kwa hati ya kutoa mizigo namba 0412, yenye sahihi yake. Kompyuta ilikuwa imezimika, hivyo utoaji huo niliuingiza kesho yake, saa 5 asubuhi, niliporudi kutoka mjini. Karatasi ya kompyuta iliyotumiwa na kamati ilitolewa kabla ya hapo.

Basi: 640 kutoa 8 zilizouzwa ni 632. Na 618 zilizohesabiwa, ukiongeza 14 zilizolowa, ni 632. Hakuna hata mfuko mmoja unaokosekana.

Onyo linaongeza kwamba thamani ya mifuko 22 “itaangaliwa wakati wa mshahara”. Ninaomba kwa heshima zote pasikatwe hata franga moja kabla ya hesabu hii kuhakikiwa. Mshahara huo unalipa kodi ya nyumba na minerivali ya watoto watatu, na unga ambao ningelipishwa ungali katika mali ya kampuni.

Tuhuma ya tatu ndiyo iliyoniuma kuliko zote. Imeandikwa kwa mstari mmoja: “hutumia lugha mbaya kwa wakubwa wake.” Siku gani? Maneno gani? Kwa nani, na nani alisikia? Mtu anaweza kujibu dakika 25, anaweza kujibu mifuko 22, lakini hawezi kujibu neno ambalo halikutajwa. Mimi nimelelewa kumwita mkubwa Papa au Mama hata akiwa amenikosea, na wenzangu wa depo wanaweza kulishuhudia hilo. Nilichomwambia shefu tarehe 19, mbele ya walinzi wawili, ni hiki: “Papa Shefu, samahani, sitatia sahihi, sikuwepo mkihesabu.” Sikupaza sauti. Ikiwa ni hilo linaloitwa lugha mbaya, naomba liandikwe hivyo hivyo lilivyosemwa, ili kila atakayefungua faili yangu ajue ni nini nilisema.

Kwa hiyo naomba nipatiwe nakala za vitu hivi: kurasa za daftari la geti za tarehe 3, 11 na 17 Machi, karatasi ya kuhesabu ya tarehe 19 pamoja na majina ya waliohesabu na saa walizoanza na kumaliza, fishi ya kompyuta iliyotumika, yenye saa iliyotolewa, na maandishi yoyote yanayoeleza lugha ninayodaiwa kuitumia. Kwa upande wangu nimeambatanisha hati ya safari ya tarehe 10, karatasi ya uharibifu namba 09, barua yangu ya tarehe 13, na hati ya kutoa mizigo namba 0412.

Baada ya kuhakiki, napendekeza onyo la tarehe 24 Machi liondolewe katika faili yangu, na mahali pake iwekwe barua yenye maneno haya, au yanayokaribiana nayo: “Tarehe 17 Machi 2025 mfanyakazi alichelewa dakika 25 kwa sababu ya mvua, akiwa ametoa taarifa kwa simu. Amekumbushwa kwa mdomo kuheshimu saa za kazi. Tofauti ya mifuko 22 iliyoonekana tarehe 19 Machi imeelezwa kwa hati na haimhusu.” Hilo nitalitia sahihi bila kusita.

Ningependa pia tupate faida katika jambo hili. Ghala lihesabiwe mtunza ghala akiwepo, na asipoweza, mjumbe wa sandika asimame badala yake. Mifuko iliyoharibika iwe na fishi yake, na barua ya kuiondoa ijibiwe ndani ya wiki moja. Umeme ukikatika, hati zote za mkono za siku hiyo ziingizwe kwanza, ndipo karatasi ya kompyuta itolewe. Haya si makubwa, na yangekuwepo, mimi na ninyi tusingekuwa tunaandikiana leo.

Nataja sheria kwa sababu moja tu. Onyo linamalizika kwa kusema kwamba kosa lingine litaleta kufukuzwa. Kanuni ya Kazi ya nchi yetu, yaani Sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa na Sheria namba 16/010 ya tarehe 15 Julai 2016, inasema katika kifungu cha 62 kwamba mkataba usio na muda maalumu hauvunjwi na mwajiri bila sababu halali. Onyo hili likiachwa lilivyo, kesho litasomwa kama sehemu ya sababu hiyo. Siwezi kuliacha likae.

Naomba tukutane, mimi nikiwa na mjumbe wa sandika, kabla ya Ijumaa tarehe 4 Aprili 2025, na jibu lenu liwe la maandishi. Tukishindwa kuelewana humu ndani, nitapeleka jambo hili kwenye ofisi ya Ukaguzi wa Kazi. Ningependa tulimalize sisi wenyewe, ghalani, mifuko ikiwa mbele yetu.

Naacha nakala mbili kwa sekretari. Naomba moja inirudie ikiwa na muhuri na tarehe ya kupokelewa.

Pokeeni, Bwana Mkurugenzi, heshima zangu.

Furaha Kasongo
Mtunza ghala, matrikuli 0147