Hotuba fupi ya kuwakaribisha wafanyabiashara wadogo wa Tanga, jioni ya kila mwezi

Asalaam aleikum! Bwana Yesu asifiwe! Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Na nyie wengine, habari za kazi?

Karibuni sana Raskazone. Najua mmetoka dukani moja kwa moja, na wengine mmemwachia kijana funguo lakini roho bado iko kule kule. Ahsanteni kwa kuja. Tumeanza baada ya Magharibi makusudi, na Isha ikiingia tutasimama kidogo ili wanaosali wakasali.

Wanaokuja kwa mara ya kwanza, hebu nyoosheni mikono niwaone. Mashaallah, ni wengi. Karibuni, jisikieni mko kwenu. Hapa hatuulizani mtaji. Yupo mwenye malori, yupo dada anayekaanga mihogo Barabara ya 13, na leo wamepangwa meza moja.

Sasa naomba mtazame kichupa hiki. Walio nyuma, nakipitisha, mkishike. Ni achari ya embe ya mama yetu wa Makorora. Lebo zake zilikuwa zinachapwa Dar es Salaam, zinaletwa na basi, naye anazifuata stendi ya Kange. Basi likichelewa, achari inabaki kwenye ndoo na wateja wanasubiri. Mwezi uliopita alikaa jirani na kijana wetu wa uchapaji wa Barabara ya 8. Wakaanza na habari za mvua, wakafika kwenye lebo. Hii mnayoiona imechapwa Ngamiani. Ina plastiki juu. Mchana nimeipaka mafuta kwa kidole na kuisugua, wino haukutoka. Mama ameokoa nauli, kijana amepata mteja wa kila mwezi. Walikuwa mji mmoja miaka yote hiyo, hawajuani.

Ndiyo maana ninawaomba jambo moja usiku huu: kabla hujapiga simu Kariakoo kuagiza kitu, uliza kwanza humu ndani. Vifungashio, sare za wafanyakazi, mabango, mageti, keki za harusi. Kama mwenzako bei yake iko juu, mwambie wazi, mkae mpige hesabu. Na ukichukua mali kauli kwa mwenzako, lipa siku mliyoahidiana. Hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu nimeona biashara nzuri zikifungwa huku daftari limejaa madeni ya marafiki.

Mji wetu unabadilika. Zamani meli kubwa zilikuwa zinatia nanga nje, mzigo unaletwa na matishari. Sasa kina bandarini kimechimbwa hadi mita 13 na meli inafunga gatini. Kule Chongoleani ndiko linakoishia bomba la mafuta kutoka Hoima, kilomita 1,443. Kazi kubwa kama hizi zinataka chakula, usafi, usafiri, ushonaji. Lakini mkandarasi akisema anataka sahani 300 kila siku saa sita kamili, mama lishe mmoja ataziwezaje? Watatu wakiungana, wakiwa na TIN na risiti zao, wanaweza. Naamini kabisa wanaweza, na hao watatu pengine wamo humu humu. Nitafurahi sana wakiondoka leo wameshapeana namba.

Kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu: mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri ni haki yenu kuiomba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Anzieni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu. Na kama jina la biashara hujalisajili BRELA, siku hizi linafanyika mtandaoni. Meza ya karibu na mlango wapo wenzetu wawili waliokwisha kulifanya, watakuonyesha hatua kwa hatua. TIN haiuzwi, ni bure. Atakayekudai pesa ya TIN, usimpe.

Utaratibu ni mwepesi. Kila mmoja atasimama aseme jina, anafanya biashara gani na wapi, na jambo moja analolitafuta. Dakika moja tu. Usiseme "natafuta wateja", sote tunawatafuta. Sema "natafuta fundi wa friji anayekuja siku hiyo hiyo", hapo mtu atakukumbuka. Baadaye tutakula, samaki wa leo ametoka Deep Sea asubuhi, na kahawa na kashata ziko pale kwenye jamvi. Mkihama kwenda kula, msirudi kukaa na uliyekuja naye.

Tuanze na meza ya dirishani. Mama, wewe ndiye wa kwanza, karibu usimame.