Nimechelewa zamu ya leo, naomba kujua nianze na kipi

Shikamoo Sista Mwanaidi,

Hawa hapa. Zamu imeanza saa 1:30 na mimi bado nipo barabarani. Sasa hivi ni saa 2:10, nimo kwenye daladala Tabata, na gari limezimwa injini kabisa. Kwa ninavyoiona foleni, sitaingia kituoni kabla ya saa 3:15. Naomba radhi sana, hasa kwa kuwa leo ni siku ya mkoba, ya kwenda kuchanja watoto nje ya kituo, na najua tupo wachache.

Ujumbe utakuwa mrefu, Sista, unisamehe. Simu ilizima nikiwa Magomeni, ndiyo maana hujanisikia tangu alfajiri. Nimeazima pawabenki ya kaka aliyekaa pembeni yangu na yeye anashuka Buguruni. Kwa hiyo naandika yote sasa hivi, nisije nikapotea tena hewani.

Nilitoka Kimara saa 12 kasoro robo, mapema kuliko kawaida, kwa sababu mvua ilinyesha usiku kucha. Tulipofika Magomeni tukakuta askari wamefunga barabara, Jangwani imejaa maji, magari yote yanageuzwa. Hapo nikafanya kosa: badala ya kurudi Ubungo papo hapo, nikasubiri karibu dakika 40, watu wanasema maji yanapungua, watafungua sasa hivi. Hayakupungua. Bodaboda wa kupita Kigogo walikuwa wanataja bei za ajabu, na mmoja aliyekubali nilipomtazama suruali yake iliyolowa hadi magotini nikaona huyu ametoka kuogelea huko huko anakotaka kunipeleka. Ndipo nikarudi Ubungo, nikapanda hii inayopita Mandela, na nusu ya Dar es Salaam nayo imepata wazo hilo hilo. Kwa kweli nimeishi Kimara miaka 6, mvua ya masika ikipiga usiku kucha nilipaswa kujua Jangwani haipitiki na kuanzia Mandela moja kwa moja. Mvua siipangi mimi, ila zile dakika 40 za Magomeni ni zangu.

Sasa kazi. La haraka kuliko yote ni ufunguo wa stoo ya chanjo: ninao mimi, upo kwenye pochi hapa. Wa akiba upo kwenye droo yako ya chini, umefungwa uzi mwekundu, chini ya lile daftari la vifaa. Tafadhali usisubiri wangu.

Sababu ya kusema hivyo ni jokofu. Kwetu umeme ulikatika kama saa 8 usiku, na hadi natoka ulikuwa haujarudi. Huko kituoni sijui hali ilikuwaje, na mlinzi nimempigia hapokei. Jana jioni nilisoma nyuzi 4.5, nikaandika na kusaini. Usomaji wa asubuhi haujafanyika, na mimi naona huo usimngoje mtu. Kama Kulwa ameshafika, yeye anaweza: asome kwanza kipima joto cha siku 30 kilichomo ndani, aandike alichokiona na saa aliyosoma, kisha afunge mfuniko. Kikionyesha `OK` na nyuzi zipo kati ya 2 na 8, tunaendelea na siku yetu. Kikionyesha `ALARM`, naomba chanjo yoyote isitoke kwanza, hata kama akina mama wamejaa hadi getini, mpaka wewe uangalie kama alamu ni ya joto au ya baridi. Kama umeme umekatika na bado haujarudi, mfuniko usifunguliwe mara mbili mbili kwa ajili ya kuchungulia. Jokofu lile likiachwa limefungwa linavumilia saa nyingi, tatizo ni sisi kulifungua.

Alamu ikiwa ya baridi ndiyo inayonitia hofu zaidi. Chanjo ya surua-rubela na ya kifua kikuu hazidhuriki na kuganda zikiwa bado ni unga, lakini Penta, ya nimonia, ya pepopunda na ile ya wasichana ya mlango wa kizazi zikiganda zimeharibika, hata zikiyeyuka na kuonekana safi machoni. Tukifika hapo nitafanya jaribio la kutikisa nikiingia: kichupa kimoja tunakigandisha makusudi, tunakiyeyusha, tunakilinganisha na chenye wasiwasi cha toleo lile lile. Hiyo inakula muda, ndiyo maana nauliza mapema.

La pili ni mkoba. Kwenye ubao tuliandika gari litoke saa 3:00 kwenda Mchikichini, upande wa bondeni. Kwa hali niliyoiona Magomeni, na huko nako ni bonde hilo hilo la Msimbazi, sina uhakika kama kuna mama atakayetoka na mtoto mgongoni, achilia mbali gari letu kupita. Naomba umuulize Bakari ampigie mjumbe wa kule kabla hamjagusa chochote. Kama mkoba umeahirishwa, hakuna haja ya kutoa barafu wala kuhamisha vichupa. Vikishaingia kwenye kisanduku vikazunguka na kurudi, tunaongeza wasiwasi bure.

Kama mkoba upo, ninaomba kitu kimoja tu kabla sijafika: mtu atoe pakiti 8 za barafu kwenye friza saa 2:30, azipange mezani zisigusane, azifute maji. Nikiingia saa 3:15 zitakuwa zimeanza kutoka jasho, nitazitikisa moja moja nisikie maji yakicheza ndani, na kisanduku nitakipanga ndani ya dakika 15. Zisipotolewa mapema nitasimama mezani saa nzima nikizitazama. Tafadhali, kwa upole wako wote, mwambieni Kulwa asizipange kisandukuni zikiwa mawe. Najua ana haraka na ana nia njema, lakini Penta ikilala ubavuni mwa barafu ngumu ndiyo yale niliyoyasema hapo juu. Gari basi litoke saa 4:00 badala ya saa 3:00, kama wewe unaona inafaa.

La tatu ni wale mama wanne. Jana mchana niliwarudisha nyumbani: kichupa cha surua-rubela kilikuwa kimefikisha saa 6 tangu kichanganywe nikakiondoa, na kwenye ile foleni sikufungua kingine. Huo uamuzi sijaridhika nao hata mimi, mwongozo unataka tufungue hata kwa mtoto mmoja. Niliwaambia waje leo asubuhi, nikawaahidi watakuwa wa kwanza. Mmoja ana mtoto wa miezi 18, kofia ya njano, anatoka Buguruni na alishakosa mara moja kabla. Nadhani wameshafika, maana wale wakiahidiwa huja mapema kuliko sisi. Kama Sista Anjela yupo dirishani, naomba awaite majina, awape pole kwa niaba yangu na awaambie kwamba Hawa yuko njiani na hajawasahau. Kadi zao nilizitenga, zipo kwenye faili la kijani juu ya mzani. Akitaka kuwachoma yeye mwenyewe jokofu likishathibitishwa, itakuwa vizuri zaidi. Maji ya kuchanganyia yapo ndani ya jokofu, nimeyapoza tangu jana, na ni yale yaliyokuja na toleo hilo hilo. Saa ya kuchanganya iandikwe kwenye kichupa kwa kalamu, si kichwani.

Halafu kuna viporo vyangu vya jana, nisivifiche. Rejista ya jana sijajumlisha dozi. Sirinji nilizihesabu, zile za dozi ndogo zimebaki boksi 1 na nusu. Sanduku la sindano zilizotumika limefika robo tatu, kwa hiyo lifungwe leo na lingine lifunguliwe, lisijazwe zaidi. Hivi vyote vinaweza kusubiri mchana, naviandika ili mtu asije akadhani vimeshafanyika.

Kwa hiyo swali langu kwako, Sista: nikivuka geti tu, niende wapi kwanza? Kama ningepanga mwenyewe, ningeanza stoo nithibitishe jokofu kwa macho yangu hata kama Kulwa ameshasoma, kisha nipange kisanduku cha mkoba, gari likitoka ndipo nikae dirishani na Sista Anjela hadi foleni ipungue. Lakini mimi siioni foleni ya huko. Inawezekana wewe unawaona akina mama 50 na mkoba umeshafutwa, na hapo mpango wangu hauna maana, niende dirishani moja kwa moja. Inawezekana pia jokofu lina alamu na unataka mikono yangu stoo siku nzima. Utakavyoamua ndivyo nitakavyofanya, sitauliza mara mbili.

Ili usisumbuke kuandika na wewe una watu mbele yako, nijibu kwa neno moja tu: stoo, mkoba, au dirisha. Kama mkoba umeahirishwa niandikie "hakuna" nijue. Ikiwa simu yangu imezima tena, jibu nitalisoma nikipata umeme, na kama sitalipata nitakwenda stoo kwanza na kukutafuta humo humo.

Kuhusu muda nilioukosa: leo zamu yangu inaisha saa 9:30. Nipo tayari kubaki hadi saa 11:30 nimalize rejista na kuhesabu vichupa, na kama kuna aliyenishikia kazi yangu asubuhi hii aondoke mapema yeye. Kwenye daftari la mahudhurio naomba niandikwe saa nitakayofika kweli, nisiandikiwe saa 1:30 kwa huruma. Na kesho, mvua ikinyesha usiku, nitatoka saa 11 na nitapita Mandela bila kujaribu bahati.

Gari limeanza kusogea, naona reli. Huyu kaka anataka pawabenki yake.

Hawa