Pazia Lenye Kifua

Belo lilikuwa la mapazia, kilo 45. Kabla ya kulipa Mwajuma alilizunguka akagusa kona zote: nailoni kavu, mikanda haijafunguliwa ikafungwa upya. Belo lililonyeshewa halichukuliwi hata kwa bei ya kutupa, maana ukungu wa kona moja hupenya hadi katikati.

Alikata mikanda kwa mkasi, amekaa ubavuni. Wembe huzama ukachana nguo ya juu, na ukikaa mbele mkanda unaweza kukuruka usoni. Belo likafura. Akaanza kuchambua, mazito huku, mepesi kule, yasiyo na jozi pembeni. Akavuta neti nyeupe ndefu. Ikaja, ikaja tena, mwishowe ikatoka na satini, lesi na shanga.

"Bi Tatu, pazia hili lina kifua."

Bi Tatu, wa meza ya jirani, akaacha mashati yake. "Mchambuaji wa huko lilikofungwa belo kashika mkia wa gauni, kaona neti, katupa kwenye mapazia. Lione kwanza upindoni, mwanangu. Kifuani watu hudanganya."

Mwajuma akalitandaza. Mkia ulikuwa karibu safi, lakini pindo la mbele lilikuwa jeusi, na msitari wa kijani wa majani. Nyuma ya kiuno palikuwa na kifungo kidogo, na chini ya mkia kitanzi cha kukiingilia. Basi bibi harusi aliunyanyua mkia akaufunga ili acheze. Mbele pameburuzwa kwa sababu alipimwa na fundi akiwa amevaa viatu virefu, kisha akavivua. Mwajuma akamwona pale pale: mwanamke wa kucheka kwa sauti, viatu mkononi, amechoka kutembea kwa madaha.

Kwenye paja la kulia palikuwa na doa la rangi ya chai, kingo zake zimekoza.

"Chai," akasema Bi Tatu.

"Chai wangeifua siku ile ile. Hiki kilikuwa kinywaji kisicho na rangi, chenye sukari. Kikikauka hakionekani, ila sukari inabaki, na miaka ikipita inageuka kahawia." Mchezaji wake sasa akawa na haraka: amelikunja likiwa bichi, akaliamini kuwa safi.

Kisha akaligeuza ndani nje, na yule mwanamke akaanza kumponyoka. Zipu ilikuwa imeng'olewa, matundu ya sindano yakabaki safu mbili, na mahali pake pamewekwa vitanzi na kamba. Ubavuni, kulia na kushoto, kulikuwa na viraka virefu vya satini nyeupe ya namna nyingine, vyembamba kwapani, vipana nyongani.

"Alikuwa mjamzito," akasema Mwajuma.

"Wewe kila mtu mjamzito. Fumua pindo."

Akafumua kipande kwa ncha ya pini. Ndani, vidole vinne juu ya ukingo wa sasa, kitambaa kilikuwa na kunjo la zamani, na kwenye kunjo hilo uchafu mwingine, mweusi vilevile, uliofichwa na pindo jipya.

Walikuwa wawili! Wa kwanza mrefu, mwembamba. Wa pili mfupi kwa vidole vinne, mnene kiunoni. Na wote wawili walivua viatu. Doa lilianzia kwenye kiraka likaingia satini ya asili, kwa hiyo sukari ni ya wa pili. Mwajuma ikabidi agawe upya: kicheko akampa wa kwanza, haraka akamwachia wa pili.

"Au ni la kukodisha tu," akasema Bi Tatu. "Anakuja huyu, anapunguziwa, anakuja yule, anaongezewa."

"Mkodishaji angefua. Hawezi kutundika doa dukani." Akatazama tena mshono wa viraka: wa mkono, mdogo na sawa, aina ambayo fundi wa kulipwa kwa haraka hashoni. "Huyu ni mama mtu. Kapunguza la dada, akampa mdogo mtu."

Bi Tatu hakubisha. Aliuliza tu kama shanga zimeshonwa au zimegundishwa, kwa kuwa za gundi zikikutana na maji ya moto zinabaki kwenye beseni. Zilikuwa za kushonwa. Mwajuma akaloweka upande wa doa kwenye maji vuguvugu matupu, bila sabuni kwanza na bila dawa ya kung'arishia, ambayo hugeuza satini ya nailoni kuwa njano. Sehemu iliyobaki akaining'iniza juu ya kamba, mkia ukajimwaga mbele ya meza.

Mteja akasimama, akaipima ile neti kwa mkono. "Dada, hili pazia lina jozi yake?"

"Halina."

"Utaniuzia hivyo hivyo?"

"Una urefu gani wewe?" akauliza Mwajuma.